Memo ya kurudisha kapu la zawadi la mzabuni: naomba mnisomee kabla sijaibandika upya

Mgavi_Mbalizi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni afisa ununuzi katika chuo kimoja cha umma hapa Mbeya. Wiki iliyopita niliandika memo kwa watumishi wote kuhusu kapu la zawadi ambalo mzabuni wetu wa vyakula alituletea, nikalirudisha kapu lenyewe, na tangu siku hiyo ofisi imegawanyika. Wapo wanaosema nimefanya vyema, na wapo wanaosema nimemdhalilisha mtu mwema na kuwanyima wenzangu sikukuu. Mkuu wa chuo amenitaka niirekebishe kisha niibandike tena. Ninaiweka hapa kama ilivyokuwa, isipokuwa jina la kampuni nimelitoa, ingawa katika memo ya ubaoni lilikuwepo.

*DOKEZO KWA WATUMISHI WOTE*
*Kuh: Kurudishwa kwa kapu la zawadi*

*Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Desemba 2024, saa 8:40 mchana, dereva wa kampuni ya (jina) aliacha mapokezi kapu lenye kadi iliyoandikwa "Kwa ndugu zetu wote wa Ugavi, heri ya Krismasi". Ndani yake mlikuwa na mchele wa Kyela kilo 10, asali lita 2, pakiti 6 za majani ya chai, parachichi, mkungu mmoja wa ndizi, vitenge doti 2 na bahasha iliyofungwa ambayo hatukuifungua. Ukiacha bahasha, thamani ya vitu hivyo kwa bei za sokoni inakadiriwa kuwa shilingi 140,000.*

*Kampuni hiyo ni miongoni mwa walioomba zabuni ya vyakula vya bwalo kwa miezi sita ijayo, ambayo kamati ya tathmini inaikalia wiki hii. Aidha, shehena yake ya maharage ya tarehe 11 Desemba bado haijapokelewa rasmi. Kwa sababu hizo hatuwezi kupokea zawadi yake, na kapu linarudishwa Jumatatu likiambatana na barua. Katika barua hiyo tumemshukuru na kumwomba awe na subira hadi mchakato utakapokamilika.*

*Kanuni ni hii: mtumishi yeyote wa chuo, awe wa ugavi, jikoni, stoo, uhasibu au mapokezi, haombi wala hapokei kitu chenye thamani kutoka kwa mtu anayetuuzia, aliyeomba kutuuzia au anayetarajiwa kuomba. Kutokuomba hakumwondolei mpokeaji wajibu, wala kugawana na wenzake hakumwondolei. Kitu kikiachwa mapokezi bila mtumishi kukubali, kisifunguliwe, kiandikwe siku hiyo hiyo katika rejesta ya zawadi, na Kitengo cha Ununuzi kijulishwe.*

*Ndizi zilizokwisha kuliwa siku ya Ijumaa nimezilipia mwenyewe kwa shilingi 12,000, na fedha hizo zitapelekwa pamoja na kapu.*

Hiyo ndiyo memo. Naomba mniambie palipokosewa, na ninawaomba msinionee aibu.

Dada_wa_Tukuyu

Kaka, pole kwa msukosuko, lakini nadhani umekuwa mkali kupita sheria yenyewe. Ninavyofahamu, sheria inaruhusu zawadi isiyozidi shilingi 50,000. Kapu la shilingi 140,000 lililoandikiwa ofisi yenye watu wanne halifiki hata 40,000 kwa kila mmoja. Ungeligawa, kila mtu akaandika jina lake na alichochukua, mngekuwa ndani ya kiwango na mzabuni asingeona haya. Bahasha peke yake ndiyo ungeirudisha.

Mkaguzi_Gangilonga

Kamwene nyote. Nimefanya ukaguzi wa ndani kwa miaka mingi hapa Iringa, na hiyo hesabu ya dada yangu wa Tukuyu nimekutana nayo mara nyingi, mara nyingine ikiwa imeandikwa kabisa kwenye majibu ya hoja za ukaguzi. Shilingi 50,000 haikutoka hewani. Ilikuwemo katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na ilihusu kiongozi wa umma, yule anayejaza tamko la mali na madeni kila mwaka, ambaye akipewa zawadi inayozidi kiwango hicho alitakiwa kuitamka na kuikabidhi. Ulikuwa mpaka wa kutamka kwa viongozi. Haukuwa ruhusa ya mtumishi wa ugavi kula vya mzabuni mpaka afikie 50,000.

Huku kwenye ununuzi swali ni jingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma, Sura ya 410, pamoja na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329, haziulizi kwanza kitu kina thamani gani. Zinauliza kimetolewa na nani, kwa nani, na mtoaji ana jambo gani mbele ya mpokeaji. Kosa ni kutoa au kupokea kitu chenye thamani ili kushawishi, na linaangaliwa katika mchakato wa zabuni na vilevile katika utekelezaji wa mkataba. Watu wengi husahau hiyo sehemu ya pili. Wanadhani hatari imekwisha mkataba ukisainiwa, ilhali kwenye vyakula fedha nyingi hupotelea mizani na stoo, zabuni ikiwa imekwisha kutolewa kihalali kabisa.

Kugawa kwa vichwa ni kubaya kuliko kupokea peke yako. Kapu likikaa kwa mtu mmoja, mkaguzi anahoji mtu mmoja. Likigawanywa, wajumbe wa kamati ya mapokezi, mtunza stoo na mwandishi wa hati ya malipo wote wamekula, na hakuna aliyebaki wa kusema maharage yamepungua.

Mgavi_Mbalizi

Mkuu, umegusa penyewe. Hayo ya maharage sikuyaeleza vizuri kwenye memo, nami naona yanafaa kuelezwa hapa.

Mkataba unataka gunia la kilo 100. Tarehe 11 yaliletwa magunia 60. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilichagua magunia 10 kutoka sehemu mbalimbali za lori, si yale ya mlangoni tu, ikayapima moja moja. Wastani ukatoka kilo 97.4 baada ya kuondoa uzito wa gunia lenyewe. Upungufu wa kilo 2.6 kwa gunia hauonekani kwa macho wala kwa kunyanyua begani, lakini kwa magunia 60 ni kilo 156, na kwa bei ya mkataba ya shilingi 2,800 kwa kilo ni shilingi 436,800. Kamati ikasimamisha mapokezi na kumwandikia mzabuni aje washuhudie pamoja upimaji wa magunia yote. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mchana kapu likafika.

Sisemi kwamba mambo hayo mawili yameungana. Makapu ya Krismasi yamezoeleka, na huenda lilipangwa tangu Novemba. Ila mjumbe mmoja wa kamati ya mapokezi anakaa meza ya pili kutoka ilipowekwa kadi ile, na Jumatatu alitakiwa kusimama mbele ya mizani na mtu yule yule.

Mzee_wa_Mafinga

Wanangu, nimestaafu, kwa hiyo nazungumza bila kuogopa faili. Mnayosema kuhusu mizani ni kweli. Lakini tusijifanye kana kwamba tumezaliwa ofisini. Kwetu mtu akileta ndizi, asali na mchele, huo ni ujirani, na kumrudishia mtu chakula alichokuletea mlangoni ni tusi ambalo hata watoto wake watalikumbuka. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi enzi zangu vitu vya namna hiyo viliwekwa mezani, vikaliwa na kila mtu hadi mlinzi, na hakuna aliyebeba kitu kwenda nyumbani. Nilidhani hiyo ndiyo njia ya haki, maana hakuna aliyenunuliwa peke yake.

Hata hivyo neno lenyewe mliangalie. Wakati mmoja tuliambiwa takrima si rushwa, ikaandikwa hadi kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Kwa hiyo nakubali kwamba ukarimu unaweza kuvaa kanzu isiyo yake. Ninachouliza ni namna ya kurudisha. Nani alikwenda? Alisema nini? Ulimpelekea dereva wa chuo na barua yenye mhuri kama hati ya mahakama?

Ghala_Makambako

Shikamoo mzee. Mimi ni mtunza ghala, si wa chuo, ni wa taasisi nyingine ambayo sitaitaja. Naomba niseme yaliyonipata.

Pasaka moja mtu aliyekuwa akituletea saruji aliniletea kilo 20 za mchele nyumbani. Hakuniomba kitu. Wala baadaye hakuwahi kuniomba kitu, na hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Miezi miwili baadaye lori lake lilifika jioni, mvua inanyesha, mifuko ya chini imelowa na pembe zimeanza kuwa ngumu. Kabla ya ule mchele ningemwambia dereva arudi nayo. Siku ile nilijisikia nikisema, "Shusha tu, tutaona kesho." Hakuna aliyenishika mkono. Kesho yake nilikuta mifuko 17 imeganda, na kwa kuwa nilikwisha kusaini hati ya mapokezi bila kuandika dosari yoyote, nililipa kwa kukatwa mshahara miezi minne. Mzabuni alilipwa mifuko yote.

Kwa hiyo dada wa Tukuyu, kiwango cha fedha hakinisaidii chochote. Kilo 20 za mchele wakati ule hazikufika hiyo 50,000.

Dada_wa_Tukuyu

Nimekuelewa kaka wa Makambako, pole sana. Na Mkaguzi nakubali kwamba kiwango nilikitoa mahali pasipo pake. Lakini basi hata kalenda za ukutani na daftari za mwaka mpya tuzirudishe? Ofisini kwetu kuna kalenda tatu za wazabuni, na moja ipo nyuma ya kiti cha mkuu wa kitengo.

Mkaguzi_Gangilonga

Kalenda, kwa maoni yangu, ni tangazo. Inagawiwa kwa kila mtu, haina bei sokoni na haiendi nyumbani kwa mtu fulani. Hata hivyo nisingeiacha ukutani katika chumba ambamo wazabuni wanaingia kuuliza habari za zabuni, kwa sababu mshindani akiiona atakwenda na hadithi yake. Najua wakaguzi wenzangu wanaosema iondolewe kabisa, na siwezi kusema wamekosea.

Sasa nirudi kwenye memo, maana mwenye uzi ameomba isomwe na bado hatujaisoma. Kanuni yako umeiandika vizuri. Nimependa ulivyowataja jikoni na mapokezi, kwa sababu watu wengi huandika memo hizi kana kwamba zinahusu ugavi peke yake. Lakini kuna mambo matatu ambayo ningeyatoa.

La kwanza ndilo zito. Umeandika kwamba umemwomba mzabuni "awe na subira hadi mchakato utakapokamilika". Soma sentensi hiyo kama angeisoma yeye. Inamwambia kwamba tatizo ni wakati, kwamba akirudi Februari na kapu hilo hilo milango itakuwa wazi. Mbaya zaidi, mshindani wake akiipata barua hiyo, atasema chuo kilimwahidi kupokea baada ya kumpa kazi. Barua ya kukataa haitakiwi kuwa na neno "sasa", "kwa wakati huu" wala "hadi". Iseme tu kwamba watumishi wa chuo hawapokei zawadi kutoka kwa wazabuni, kwamba kapu linarudishwa kama lilivyopokelewa, na kwamba jambo hili halipunguzi wala haliongezi chochote katika zabuni au mkataba wake. Shukrani iwe ya neno moja.

La pili, umeitaja kampuni ubaoni, na umesema kwamba kamati ya tathmini inakaa wiki hii. Majina ya walioomba si siri baada ya zabuni kufunguliwa kwenye NeST, ule mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, lakini kinachoendelea ndani ya tathmini ni siri hadi wazabuni watakapojulishwa matokeo. Sasa kila anayepita kwenye ubao, pamoja na mwanafunzi ambaye shangazi yake ameomba zabuni hiyo hiyo, anajua kamati inaketi lini. Na shehena ambayo haijapokelewa nayo ni mgogoro ambao haujaamuliwa. Kampuni itajwe kwenye rejesta na kwenye barua, na taarifa ya maandishi iende kwa mkuu wa chuo kama Afisa Masuuli. Watumishi wanahitaji kanuni na tukio, hawahitaji jina.

La tatu ni ndizi, nami nitalirudia baadaye kwa sababu halina jibu moja.

Mama_Mzabuni_Njombe

Mimi niko upande wa pili wa kaunta, nawauzia watu kama ninyi. Nawashukuru kwa kuzungumza bila matusi, kwa kuwa mara nyingi tukitajwa tunatajwa kama wezi.

Niwaeleze kwa nini kapu linatoka. Mimi nikipeleka viazi na unga mwezi wa tatu, ninaweza kulipwa mwezi wa nane. Katikati hapo faili langu linapita meza sita, na mahali fulani kuna mtu ambaye akilisukuma linasogea, na asipolisukuma linalala. Hakuna anayeniambia "leta". Wananiambia tu, "Mama, sikukuu hizi umetusahau." Kwa hiyo Desemba ninatengeneza makapu manane, na niamini, sitengenezi kwa furaha. Nayahesabu kwenye gharama, na anayezilipa hatimaye ni mwanafunzi anayekula ugali.

Mwaka mmoja ofisi moja ilinirudishia kapu kupitia dereva, bila hata neno. Sikulala. Nilidhani zabuni nimeshaikosa na kwamba kurudishiwa huko ni ujumbe wa kuniambia niongeze. Nilikaribia kuongeza kweli. Laiti mtu angenipigia simu au kuniandikia hayo aliyoyasema Mkaguzi, kwamba halipunguzi wala haliongezi, ningeelewa. Na laiti kanuni hiyo ningeelezwa siku ya kusaini mkataba, wala nisingelitengeneza.

Mgavi_Mbalizi

Mama, shikamoo, na asante. Nakiri hilo la "subira" niliandika kwa adabu tu, nikidhani ninamtuliza. Sikuona mlango nilioufungua. Nitaandika barua ya pili kuifuta ile sentensi.

Mzee wangu wa Mafinga, niliyekwenda ni mimi mwenyewe pamoja na msaidizi wa masjala, katika ofisi ya mzabuni, kweupe, asubuhi. Nilitaka shahidi kwa ajili ya bahasha. Tulimsomea mzabuni orodha ya vitu kimoja kimoja, akasaini kwenye daftari la kupelekea barua kwamba amepokea kapu na bahasha ikiwa imefungwa kama ilivyokuja. Nilimwambia, "Heshima yako imefika, mzigo ndio usiokaa kwetu." Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Ndizi ndizo zilizotuangusha. Fedha alizikataa katakata, akasema hajafilisika kiasi cha kuuza mkungu mmoja kwa chuo. Shilingi 12,000 bado iko kwenye bahasha ndani ya droo yangu.

Baba_Neema

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nimesoma haraka, na nadhani swali ni kama afisa ununuzi anaweza kupokea kitu kwenye shughuli ya familia. Mimi pia ni wa ugavi, wilaya sitaitaja, na binti yangu anaolewa mwezi wa nne. Kamati ya harusi ilifungua kundi la Watsap, na rafiki yangu mmoja akawaongeza watu wote aliokuwa na namba zao. Humo wameingia wazabuni watatu. Mmoja ameshaahidi shilingi 300,000 na amepewa kadi. Je, niirudishe? Na kama nitairudisha, niwaambie nini wakwe?

Ghala_Makambako

Kaka, hilo si swali la uzi huu, lakini ni zito kuliko la uzi.

Mzee_wa_Mafinga

Hapo mtaniona mbishi. Mchango wa harusi unaandikwa daftarini, unasomwa mbele ya watu, na wewe unalipa kwa mwenzako akioza wake. Ni deni la pande mbili. Huwezi kuuweka fungu moja na kapu la ofisini.

Mkaguzi_Gangilonga

Mzee, ungekuwa deni la pande mbili kama Baba Neema naye angekuwa amewahi kuchangia shilingi 300,000 kwenye harusi ya mzabuni huyo, au kama wangekuwa wanafahamiana kabla hajapewa meza ya ugavi. Mimi huuliza swali moja tu: mtu huyu angekuwa kwenye kundi lile kama wewe ungekuwa mwalimu wa Kiswahili? Kama jibu ni hapana, basi mchango umekifuata cheo.

Ningemshauri Baba Neema awatoe wazabuni kwenye kundi leo, kabla fedha haijaingia, kwa ujumbe mmoja unaofanana kwa wote watatu, na amwandikie mkuu wake kwamba waliongezwa na mtu mwingine na wameondolewa. Ahadi ambayo haijalipwa ni rahisi kuifuta. Ikishalipwa na kununua soda, utarudisha kutoka mfukoni mwako. Lakini kama mmoja wao ni ndugu au jirani wa siku nyingi, dawa si kuukataa undugu. Dawa ni wewe kutamka mgongano wa maslahi kwa maandishi na kujitoa kwenye zabuni na mapokezi yanayomhusu. Mpaka uko wapi kati ya jirani na mteja katika mji mdogo ambao wote tunasali kanisa moja, hapo sitakudanganya kwamba nina kipimo.

Baba_Neema

Ni wa kanisani, ndiyo. Na ndiye aliyenisaidia gari tulipomzika mama. Nitalala nalo.

Dada_wa_Tukuyu

Mkaguzi, umeahidi ndizi.

Mkaguzi_Gangilonga

Haya, ndizi. Nia ya mwenye uzi ilikuwa njema, lakini kwa kulipa mwenyewe ameandika kwenye karatasi rasmi kwamba afisa ununuzi alimpelekea mzabuni fedha taslimu, bila risiti, wakati zabuni ya mtu huyo inatathminiwa. Mtu asiyemjua akisoma sentensi hiyo baada ya miaka mitatu ataelewa nini? Isitoshe, si yeye aliyekula. Mimi ningeandika kwenye rejesta kwamba mkungu mmoja uliliwa saa ngapi, na watumishi wa zamu ipi, kabla kapu halijatambuliwa, na kwamba hauwezi kurudishwa. Orodha iliyosainiwa na mzabuni iseme hivyo hivyo. Basi, ukweli ukae kama ulivyo. Wapo wanaosema waliokula wachange na walipe dhidi ya stakabadhi ya mzabuni, na hilo nalo lina sauti, ila kama mlivyoona, huwezi kumlazimisha mtu apokee.

Kitu kinachooza kikishindikana kurudishwa, kwa mfano mzabuni yuko Dar es Salaam na nyama imeletwa na basi, baadhi ya ofisi hukipeleka kituo cha watoto kwa hati ya makabidhiano kwa idhini ya Afisa Masuuli. Mimi siipendi sana njia hiyo, kwa sababu mzabuni anabaki akiamini kwamba zawadi yake ilipokelewa na sisi tukaifanyia ukarimu. Lakini ni bora kuliko kuiacha ioze stoo.

Ghala_Makambako

Swali langu la mwisho ni hili. Kamati ya tathmini iambiwe? Wakijua kwamba huyu alileta kapu, si watamkata alama?

Mkaguzi_Gangilonga

Hawaruhusiwi kumkata alama kwa kitu ambacho hakimo katika vigezo vya nyaraka za zabuni. Wakifanya hivyo, atakata rufaa na atashinda. Anayeamua kama kapu lilikuwa jaribio la kushawishi ni Afisa Masuuli, naye akiona lina harufu hiyo ana PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, na ana TAKUKURU. Kinachotakiwa kwa wajumbe wa kamati ni tamko lao la kutokuwa na mgongano wa maslahi, na kama kuna mjumbe aliyekula ndizi Ijumaa ile, aseme sasa, si baadaye.

Mgavi_Mbalizi

Yupo mmoja. Alikula mbili. Nimezungumza naye leo asubuhi, naye ameandika barua ya nusu ukurasa kwa mkuu wa chuo, amebadilishwa, na kamati imesogeza kikao kwa siku moja.

Memo mpya nimeiandika bila jina la kampuni, bila tathmini, bila maharage na bila ile aya ya ndizi. Nimeongeza sentensi kwamba kanuni hii itasomwa kwa kila mzabuni siku ya kusaini mkataba na nakala kuambatanishwa, hilo ni la Mama wa Njombe. Barua ya pili imekwenda na imesainiwa.

Maharage tulipima magunia yote 60 jana mbele ya mzabuni. Upungufu ulitoka kilo 149, na amekubali kuleta magunia mawili bila malipo, kilo zitakazozidi zirudi naye. Alipomaliza kusaini aliniuliza kwa sauti ya chini kama asali ile ilikuwa na kasoro yoyote. Nilimwambia hatukuifungua.

Shilingi 12,000 nimeitoa kwenye droo. Bado sijajua niiandike wapi.